Andika "bei ya kamba": kwa nini mtambo wa kutafuta huongeza maneno ambayo hukuyaandika?

Mfanyabiashara wa Kibiti akitaka kujua kamba wanauzwaje msimu huu, ataandika kwenye simu yake maneno matatu tu: "bei ya kamba". Yeye anajua anachouliza. Anaishi karibu na delta ya Mto Rufiji, penye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko nchini Tanzania, na huko ukitaja kamba sokoni hakuna atakayekuletea kitu cha kufungia mbuzi.

Mtambo wa kutafuta haujui hayo. Mbele yake kuna herufi tano, k-a-m-b-a, ambazo zinapatikana katika habari za uvuvi wa Rufiji na pia katika habari za mkonge wa Tanga. Una nafasi moja ya kukisia mwulizaji alimaanisha nini, na baadhi ya mitambo hukisia kwa njia ambayo imekuwepo tangu miaka ya 1970. Hutafuta mara moja kimyakimya, huchukua habari chache zilizotokea juu na kudhani kwamba ndizo zinazohusika. Kisha huokota maneno kutoka humo, huyaongeza kwenye swali lako na kutafuta tena. Wewe huona matokeo ya mara ya pili tu.

Wataalamu huita njia hii mrejesho wa kudhania. Wengine huiita mrejesho kipofu, kwa sababu hakuna macho ya mtu yanayopitia matokeo ya kwanza kabla hayajatumika. Katika makala hii tunaeleza jinsi inavyofanya kazi hatua kwa hatua, kwa nini inaweza kumsaidia sana anayetafuta habari za Rufiji na Kibiti, na kwa nini wakati mwingine humpeleka mahali ambako hakuuliza.

Ilianzia wapi?

Mwanzoni mrejesho ulikuwa wa kweli. Katika miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi na mtambo ulioitwa SMART, chini ya Gerard Salton, walimwonyesha mtumiaji matokeo ya kwanza na kumwomba aseme yapi yanafaa na yapi hayafai. Mtafiti aitwaye Rocchio aliandika kanuni ya kulirekebisha swali kwa majibu hayo: lisogeze swali karibu na maandishi yaliyosifiwa, na uliweke mbali na yaliyokataliwa. Ilifanya kazi vizuri, ila watu hawapendi kuulizwa. Mtu mwenye haraka hataki kupiga alama kwenye orodha, anataka jibu.

Ndipo likaja wazo la kumwondoa mtu katikati. Attar na Fraenkel mwaka 1977, kisha Croft na Harper mwaka 1979, walionyesha namna ya kutumia matokeo ya juu bila kumwuliza mtu. Hoja yao ilikuwa kwamba kama mtambo si mbovu sana, basi sehemu kubwa ya yaliyo juu kabisa huwa inahusika. Kwa hiyo tuyachukue kana kwamba mtumiaji ameyakubali. Neno la kushika hapo ni "kana kwamba". Faida zote za njia hii na hasara zake zote zinatoka kwenye dhana hiyo moja.

Rufiji ya jana, Kibiti ya leo

Kwanza tuone tatizo ambalo njia hii ilibuniwa kulitatua. Mwandishi wa habari na msomaji wake mara nyingi hawatumii neno lilelile kwa kitu kilekile. Kwa habari za delta, pengo hilo ni pana.

Chukua jina la mahali. Vijiji vingi vya delta vilikuwa katika Wilaya ya Rufiji mpaka katikati ya miaka ya 2010, ilipomegwa na kuzaliwa Wilaya ya Kibiti. Habari ya zamani kuhusu Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, itasema "Nyamisati, Rufiji". Habari mpya kuhusu gati lilelile itasema "Nyamisati, Kibiti". Anayeandika "Rufiji" anazikosa nusu ya habari, na anayeandika "Kibiti" anazikosa nusu nyingine.

Chukua jina la kiumbe mwenyewe. Wavuvi husema kamba. Wengine huandika kambamiti kwa neno moja, na wengine kamba miti kwa maneno mawili. Wale wadogo kabisa ni uduvi. Kwa mtambo unaohesabu maneno, "kamba" na "kambamiti" hayana undugu wowote, kama vile "kiti" na "kitindamimba".

Chukua pia sarufi yetu. Mwingereza akitafuta neno, mara nyingi linabadilika mwishoni tu. Kwetu linabadilika mwanzoni na katikati: mvuvi, wavuvi, uvuvi, wanavua, waliovua, huvuliwa. Mtambo ambao haukufundishwa kuondoa viambishi vya Kiswahili huona hapo maneno sita yasiyojuana. Mwulizaji ataandika moja, na habari anayoihitaji huenda imetumia jingine.

Mrejesho wa kudhania huziba mapengo yote matatu kwa mpigo bila kamusi wala mtaalamu wa sarufi. Ikiwa habari za juu zinataja Rufiji na Kibiti pamoja, kamba na kambamiti pamoja, mvuvi na wavuvi pamoja, mtambo utayaokota hayo yaliyoambatana. Haujui kwa nini yanaambatana. Unaona tu kwamba yanaambatana.

Tuhesabu pamoja

Tuchukue mfano wa kubuni, hifadhi ndogo yenye habari 1,000, ili hesabu ziweze kufuatwa kwa kalamu na karatasi.

Mtambo huanza kwa kulipa kila neno uzito kulingana na uadimu wake. Neno linalopatikana katika habari moja kati ya kila 10 hupata pointi 1. Linalopatikana katika moja kati ya 100 hupata pointi 2. Lililotapakaa kila mahali hupata karibu sifuri, na ndiyo maana "ya", "wa" na "za" hutupwa kabisa.

Tuseme katika hifadhi yetu neno "bei" limo katika habari 200, "Rufiji" katika habari 40 na "kamba" katika habari 25. Kwa mizani hiyo "bei" hupata pointi 0.70, "Rufiji" 1.40 na "kamba" 1.60.

Mtu anaandika "bei ya kamba Rufiji". Habari yenye maneno yote matatu hupata jumla ya 3.70 na kukaa juu. Habari ya Tanga kuhusu bei ya kamba za mkonge ina mawili tu, "bei" na "kamba", hivyo hupata 2.30. Sasa iko habari ya tatu, ambayo ndiyo hasa mwulizaji angefurahi kuiona. Kichwa chake ni hiki: "Kambamiti wapanda bei Nyamisati, wavuvi wa Kibiti washukuru". Haina neno "kamba" wala "Rufiji". Inapata 0.70 tu ya "bei", na inazama chini pamoja na habari za bei ya sukari na bei ya saruji.

Hapo mrejesho unaingia kazini. Mtambo unazichukua habari tano za juu, ambazo zote zina "kamba" na "Rufiji" kwa pamoja. Ni vigumu kwa habari yenye maneno hayo mawili kuwa ya mkonge, hivyo zote tano ni za uvuvi. Mtambo unahesabu maneno yaliyomo. Kila neno hupimwa kwa kuzidisha vitu viwili: limo katika habari ngapi kati ya hizo tano, na ni adimu kiasi gani katika hifadhi nzima.

"Kambamiti" limo katika nne kati ya tano na uzito wake ni 1.92, hivyo linapata 7.68. "Wavuvi" limo katika zote tano kwa uzito wa 1.30, na linapata 6.50. "Mikoko" limo katika tatu kwa uzito wa 1.70, nalo linapata 5.10. "Kibiti" limo katika tatu kwa uzito wa 1.60, jumla 4.80. "Kilo" limo katika nne lakini ni neno la kawaida lenye uzito wa 1.00, hivyo linaambulia 4.00. "Leo" limo katika zote tano, ila limo pia katika nusu ya hifadhi nzima, kwa hiyo linapata 1.50 tu.

Kama mtambo umeelekezwa kuchukua maneno manne, utachukua kambamiti, wavuvi, mikoko na Kibiti. Hauyapi nguvu sawa na maneno ya mwulizaji. Katika mfano wetu kila neno la kuongezwa linahesabiwa kwa nusu ya uzito wake.

Turudi kwenye habari ya Nyamisati. Ilikuwa na 0.70. Sasa inaongezewa nusu ya uzito wa "kambamiti", "wavuvi" na "Kibiti", yaani nusu ya 1.92, 1.30 na 1.60. Nusu ya jumla hiyo ni 2.41. Alama zake sasa ni 3.11. Habari ya kamba za mkonge wa Tanga, ambayo haina hata moja kati ya maneno mapya, imebaki na 2.30 yake. Habari iliyokuwa imezama imeipita.

Hiyo ndiyo kazi ya mrejesho wa kudhania inapokwenda vizuri. Haikuleta maarifa yoyote kutoka nje. Kila kitu kilikuwa tayari ndani ya hifadhi, na habari tano za kwanza zilitumika kama daraja la kuifikia ya sita.

Ondoa neno moja tu

Sasa turudi kwa yule mfanyabiashara wa Kibiti. Yeye hakuandika "Rufiji". Mtu haandiki jina la mahali alipo, kama vile mtu wa Nyamisati hasemi "naenda Nyamisati sokoni" akiwa Nyamisati. Aliandika "bei ya kamba" tu.

Kila habari yenye "bei" na "kamba" inapata 2.30, iwe ya bahari au ya shamba. Tuseme kati ya tano zilizotangulia, tatu ni za mkonge na mbili ni za uvuvi. Mtambo hauna namna ya kuona kwamba kuna makundi mawili. Unazichanganya zote tano kwenye chungu kimoja na kuanza kuokota.

"Nyuzi" limo katika tatu kwa uzito wa 2.00, na linapata 6.00. "Mkonge" limo katika tatu kwa uzito wa 1.82, nalo linapata 5.46. "Wavuvi" limo katika tatu, kwa sababu wavuvi pia hununua kamba za mashua na moja ya habari za mkonge iliwataja. Linapata 3.90. "Kambamiti" limo katika mbili tu, na linapata 3.84. "Kibiti" na "mikoko" hayakufika.

Baada ya awamu ya pili, habari ya kamba za mkonge yenye "nyuzi" ndani yake inapanda kutoka 2.30 hadi 4.21. Habari ya kamba wa baharini yenye "kambamiti" na "wavuvi" inafika 3.91. Zilikuwa sawa kwa sawa, na sasa moja imetangulia kwa sababu ya wingi wa wenzake. Ile habari ya Nyamisati inapata 2.31. Iliyoipita sasa ni habari ya bei ya nyuzi za mkonge isiyo na neno "kamba" hata mara moja. Hiyo ina 2.61.

Wataalamu huita hali hii kupotoka kwa swali. Mtu aliuliza kuhusu chakula kinachovuliwa mikokoni, na mtambo unamletea malighafi ya viwanda vya magunia. Kosa halikufanyika kwenye hesabu, maana hesabu zote ni sahihi. Kosa limo kwenye dhana ya mwanzo, kwamba tano za juu zinahusika. Mbili zilihusika. Tatu zikapiga kura na kushinda.

Cha kusikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshatoa jibu. Msomaji yeyote anajua tofauti kati ya "bei ya kamba wa baharini" na "bei ya kamba za mkonge". Wa na za zinatosha. Lakini "wa" na "za" ni maneno ambayo mtambo huyatupa kabla ya kuanza kuhesabu kwa kuwa yamo kila mahali. Ushahidi ulio wazi zaidi wa maana ya neno unatupwa pamoja na makapi.

Tahadhari hiyohiyo inahusu "kamba miti" ikiandikwa kwa maneno mawili. Mtambo unaweza kuokota "miti" kama neno jipya, na baada ya hapo habari za upandaji miti Mufindi zitaanza kupanda juu ya orodha ya mtu aliyetafuta kitoweo.

Kibiti na kumbukumbu ya 2017

Kupotoka kwa kamba kunachekesha kidogo. Kuna kupotoka kwingine kusikochekesha.

Kati ya 2015 na 2017 eneo la Kibiti, Rufiji na Mkuranga lilikumbwa na mauaji ya viongozi wa vijiji, makada wa chama tawala na askari polisi. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa wilayani Kibiti katika shambulio moja. Vyombo vya habari vya ndani na vya nje viliandika sana, na habari hizo bado zimo katika hifadhi za mtandaoni. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu ni historia.

Sasa fikiria mtu anayeandika leo "vijana Kibiti" kwa sababu anatafuta taarifa za vikundi vya ufugaji nyuki au mafunzo ya ufundi. Habari zenye maneno hayo mawili kwa pamoja ni nyingi za kipindi kile. Zikishika nafasi za juu, maneno yatakayookotwa ni "polisi", "mauaji", "risasi" na "msako". Yote ni maneno yenye uzito mkubwa kwa kuwa ni adimu katika habari za kawaida. Awamu ya pili itapandisha habari za mauaji ya sehemu nyingine kabisa, ambazo hazina neno "Kibiti" ndani yake. Kikundi cha wafuga nyuki kitashuka zaidi, ingawa maneno yote mawili ya mwulizaji yamo kwenye habari yake.

Hakuna aliyekusudia hivyo. Mrejesho wa kudhania huchukua kile ambacho kimeshaandikwa sana na kukiandika kwa wino mzito zaidi. Mahali palipojulikana kwa jambo moja, njia hii hupafunga katika jambo hilo. Kwa mji mkubwa wenye habari za kila namna, madhara ni madogo. Kwa wilaya ambayo nje yake huandikwa tu panapokuwa na mafuriko au damu, madhara ni makubwa.

Na vipindi vya redio?

Kwetu sisi wa redio kuna safu nyingine ya tatizo, kwa sababu sehemu kubwa ya tulichonacho ni sauti. Ili kipindi kitafutwe, lazima kwanza kiandikwe kwa maneno, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Marekani iitwayo IARPA ilianzisha mradi wa MATERIAL, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zake za mwanzo. Mtu aliuliza kwa Kiingereza, na mitambo ilitakiwa kupekua maandishi na sauti za Kiswahili, zikiwemo za matangazo ya habari.

Kompyuta inayosikiliza hukosea. "Kamba" linaweza kuandikwa "kambi" au "kama". Kipindi kizima kuhusu kamba wa delta kinaweza kuwa na neno lenyewe mara moja tu, na hapo likawa limeandikwa vibaya. Mrejesho husaidia hapa kwa namna ileile iliyoikomboa habari ya Nyamisati. Hata "kamba" likipotea, "wavuvi", "mikoko" na "Kibiti" huenda yamesikika sawasawa, na kipindi kitapatikana kupitia hayo.

Upande wa pili ni kwamba neno lililosikika vibaya wakati mwingine huwa neno lisilokuwepo popote pengine. Kwa mizani ya uadimu, hilo hupata uzito mkubwa kuliko yote. Takataka inaonekana kama dhahabu. Dawa yake ni rahisi, na watengenezaji wengi huitumia: neno lisikubaliwe mpaka lipatikane katika habari kadhaa za juu, si moja tu.

Kujua kama swali limepotoka

Wanaotengeneza mitambo hupima kwa kulinganisha. Huchukua maswali mengi ambayo watu wameshasoma majibu yake na kuyapa alama. Kila swali huendeshwa mara mbili, bila mrejesho na pamoja na mrejesho. Kwa muda mrefu mikusanyo ya namna hiyo ilikuwa ya Kiingereza zaidi. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyo wa CIRAL, wenye vipande vya habari kwa Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba, na alama zilizotolewa na watu.

Kinachoonekana mara kwa mara katika vipimo vya njia hii, tangu enzi za Kiingereza, ni kwamba wastani hupanda lakini baadhi ya maswali huharibika. Yaliyokuwa mazuri huwa mazuri zaidi, na yaliyokuwa mabaya huwa mabaya zaidi. Kwa hiyo anayetangaza wastani peke yake ameficha nusu ya habari. Lazima aangalie swali moja moja, na kwa kila lililoshuka asome maneno yaliyoongezwa. Orodha ya maneno hayo husema kila kitu. Ukiona "nyuzi" na "mkonge" chini ya swali la kamba wa Rufiji, huhitaji kipimo kingine.

Kinga zilizopo hazijabadilika sana. Ya kwanza ni kutoyaacha maneno ya mwulizaji yamezwe. Katika kanuni inayotumika sana katika utafiti, RM3, mpangilio wa kawaida kwenye programu ya Anserini ni kuchukua habari 10 za juu na maneno 10, na kuliachia swali la asili nusu ya uzito wote. Ya pili ni kuchukua habari chache pale hifadhi inapokuwa ndogo. Ukichukua 50 katika hifadhi yenye habari 12 tu za kamba, 38 zinazobaki ni za mambo mengine. Ya tatu ni kuacha kabisa mrejesho pale matokeo ya kwanza yanapoonekana kugawanyika makundi, na kumwuliza mtu: umemaanisha kamba wa baharini au kamba za mkonge? Hapo tunarudi kwenye wazo la Rocchio. Swali moja fupi kwa binadamu linaondoa dhana nzima.

Wewe ufanye nini?

Mtumiaji haoni awamu ya kwanza, lakini anaweza kuielekeza. Mtambo utaokota maneno kutoka habari za juu, hivyo kazi yako ni kuhakikisha za juu ni sahihi. Ongeza neno moja lisiloweza kuwa na maana mbili. Kwa mfanyabiashara wetu, "bei ya kamba kilo" bado ina utata, kwa kuwa nyuzi nazo hupimwa kwa kilo. "Bei ya kambamiti" haina utata. "Bei ya kamba mikoko" pia inatosha, hata kama hakuna anayesema hivyo kwa mdomo.

Taja mahali hata kama upo hapohapo, na kwa delta taja majina yote mawili, Rufiji na Kibiti, ili usiiache nje miaka ya kabla au ya baada ya wilaya kugawanywa. Na unapotafuta jambo la kawaida kuhusu mahali penye jina lililobeba tukio kubwa, anza na jambo lenyewe, kisha mahali. "Ufugaji nyuki Kibiti" utakufikisha haraka kuliko "vijana Kibiti", kwa sababu neno "nyuki" halimo katika habari za msako wa polisi.

Mwisho, ukipata ukurasa wa matokeo usioeleweka, tazama neno linalojirudia katika vichwa vya habari vyote ambalo wewe hukuliandika. Mara nyingi hilo ndilo lililoongezwa. Ukishalijua, badilisha swali lako ili habari zenye neno hilo zisishike tena nafasi za juu.